Mrejesho: pampu ya dizeli ya jenereta na waranti

Niliuliza: "Pampu ya dizeli imekufa ndani ya waranti, muuzaji anasema ni matumizi mabaya. Nifanyeje?"

Asanteni sana wakuu. Nilifuata ushauri wa kutowaachia watu wa muuzaji waifungue pampu peke yao. Tuliifungua pamoja, tukakinga dizeli ya chini ya tangi kwenye chupa nyeupe: hakuna maji, hakuna kutu, yaani dizeli haikuwa chafu. Daftari la huduma lilionyesha filta ikibadilishwa kila saa 250. Wakakubali kuleta pampu mpya.

Nozeli nimelipia mwenyewe, maana mkataba unazihesabu vipuri vinavyochakaa. Siku 9 za kusimama pia hazikufidiwa. "Saa 24" za kwenye mkataba wa zamani zilimaanisha fundi kufika tu, si mashine kuwaka. Mkataba mpya unasema mashine iwake ndani ya saa 72, la sivyo walete ya kuazima.