Eti masikio yangu ndiyo yanachelewa??!!

Mpole_Kiasi: Wakuu nina hasira hapa nilipo. Yule dogo wa iafoni mnamjua, simtaji, yule anayekuuzia huku anatafuna muwa. Nimemrudishia zile zisizo na waya, nimemwekea muvi kwenye laptopu aone mwenyewe, mtu anafumba mdomo ndio neno linafika, mlango ukibamizwa unaenda kunywa chai unarudi ndio unasikia kishindo. Dogo kavaa, kacheka, mbele ya foleni nzima: "Kaka iafoni nzima, masikio yako ndiyo yanachelewa." MASIKIO YANGU!! Na hapo hata kuziunganisha na laptopu ilikuwa vita, simu inazing'ang'ania, jioni nzima nawasha nazima. Halafu masikio yangu!

kiroboto77: 😂😂 kwani uongo mkuu? Salamu zenyewe unajibu kesho yake

Mzee wa Spea: Hiyo blutuuthi ya zamani. Zima ya simu laptopu itazipata, halafu tafuta za 5.3 kuchelewa kunaisha.

FundiRedio: Kuzima ya simu sawa, ila 5.3 peke yake haikusaidii. Mkuu, simu ilizishika kwa sababu zikitoka kwenye kesi zinarudi kwa iliyozitumia mwisho. Mara ya kwanza tu bonyeza kitufe mpaka taa ianze kumweka, laptopu izione. Baada ya hapo unazitenganisha kwenye simu, unagusa jina lake kwenye laptopu, basi. Kuna zinazoshika vifaa viwili kwa pamoja, ila sio zote.

Kuchelewa ni hivi: laptopu inaibana sauti kwanza ndio inairusha, na iafoni inaweka akiba kidogo isikatike katike. Safari yote inaweza kula kama robo sekunde. Programu inayojua hilo inaichelewesha na picha vifike pamoja. Je, muvi hiyohiyo kwenye simu inachelewa?

Mpole_Kiasi: Kwenye simu iko sawa kabisa!! Kwa hiyo masikio yangu yanachelewa kwenye laptopu tu au?

FundiRedio: Basi iafoni nzima kweli. Kama unatumia VLC bonyeza J, kila ukibonyeza sauti inawahi kwa milisekunde 50. Ukizidisha, K inarudisha.

Mama Twins: Afadhali yako. Mimi ya kushoto imekufa, na voisi ya wifi yangu ililia kwenye laptopu ya ofisini, wote wakasikia

Mpole_Kiasi: J mara nne, mdomo na neno vimekutana. Ila gemu bado, adui keshaanguka ndio bunduki inalia. Na dogo hakuwa na haki ya kusema vile mbele za watu

FundiRedio: Gemu vaa za waya. Picha haiwezi kukusubiri, we ndio unabonyeza.

kiroboto77: kwa hiyo dogo alikuwa sahihi nusu 😂

Mzee wa Spea: Huyohuyo aliniuzia chaja inanuka plastiki ikipata moto

Mama Twins: Chaja?? Subirini niwaambie ya pasi