Msaada: hedifoni hii ni ya aina gani, na pini yake ni ya ukubwa gani? Nina picha tu

MpwaWake:
Habari zenu wakuu. Mjomba ananipa hedifoni yake ya zamani, ila anaishi mbali na waya wake umekatika katikati. Atakuja mwisho wa mwezi. Nataka niagize waya mpya mapema ili akifika niuchomeke mbele yake aisikie ikilia tena, maana ameitunza miaka mingi na anaipenda mno.

Nilicho nacho ni picha moja. Mjomba ameshika pini kwa vidole viwili karibu kabisa na kamera, na hedifoni yenyewe iko nyuma juu ya meza. Ina utepe wa kupita juu ya kichwa, vikombe viwili vya mviringo, na mito myeusi ya ngozi iliyotuna. Pini ina rangi ya dhahabu na mistari miwili myeusi. Jina la kampuni limefutika lote. Kwa macho yangu naona ni ile ya kufunika sikio zima, na pini inaonekana nene kama ile ya gitaa. Niko sahihi, au nitaagiza waya usioingia?

BesiNzito:
Mkuu, hesabu mistari. Mstari mmoja ni pini nene ya gitaa, miwili ni 3.5 ya kawaida, mitatu ni 3.5 ya simu yenye maiki. Yako ina miwili, kwa hiyo ni 3.5. Agiza bila wasiwasi.

FundiSauti:
BesiNzito, kuhesabu mistari ni sahihi, ila mistari haisemi ukubwa. Kila mstari mweusi ni kizuizi kinachotenganisha vipande vya chuma. Mmoja unakupa vipande viwili, yaani sauti ya upande mmoja. Miwili inakupa vitatu: kushoto, kulia, na njia ya kurudi umeme. Mitatu huwa inaongeza maiki. Sasa pini yenye mistari miwili ipo ya milimita 6.35, ipo ya 3.5, na ipo ya 2.5. Hedifoni za studio nyingi zina pini ya 6.35 yenye mistari miwili kabisa, kwa sababu nazo zinapeleka kushoto na kulia.

Na wewe MpwaWake, hiyo picha haiwezi kukujibu. Pini hizo tatu zimefanana umbo kama mtu na wanawe. Ncha ni ileile, shingo ni ileile, ila moja kubwa, nyingine ndogo. Kitu kilicho karibu na kamera hutuna, na hapo mjomba ameisogeza mbele ya lenzi. Ndiyo maana unaiona nene. Vidole navyo si kipimo, kwani hatujui vyake vina unene gani.

Mwombe akupigie nyingine hivi. Alaze ncha zote mbili za waya mezani, ile ya kwenye simu na ile ya kwenye kikombe kama inachomoka, na kando yake alaze kadi ya benki ikiwa imegeuzwa ili namba zisionekane. Asimame juu yake, simu iwe kama nusu mita kutoka mezani, avute picha kwa zumu badala ya kusogea, na vitu vyote vikae katikati ya picha. Kadi hizo zina urefu wa milimita 85.6 popote ulipo, kwa hiyo ndiyo rula yetu. Hedifoni nayo iwe mezani, mito ikitazama juu.

BesiNzito:
Sawa fundi, nimekuelewa kuhusu mistari. Lakini bado naweka dau langu kwenye 3.5, kwa sababu upande wa simu karibu kila mtu anatumia hiyo.

FundiSauti:
Upande wa simu, huenda. Upande wa kikombe ndio unaowaliza watu.

MamaZuhura:
Samahanini, nami nina swali linalofanana. Mnazungumzia zinazokaa nje ya sikio, na mimi nimetumiwa picha ya zile zenye waya mgumu unaozunguka kisogoni, halafu vijipande viwili vinakaa mbele ya sikio. Aliyenitumia anasema ni za mfupa. Nazitaka kwa ajili ya mama yangu ambaye ngoma ya sikio lake moja ina tatizo. Sijaona pini yoyote kwenye picha. Je, ya mjomba nayo si za mfupa?

FundiSauti:
Shikamoo mama. Ya mjomba si za mfupa, ina vikombe na mito. Ila swali lako ni zito, na ningeomba usinunue bado.

Umbo hilo la kuzunguka kisogoni lina aina mbili ndani yake, na kwa mbali zimefanana kabisa. Za mfupa hupeleka mtetemo kwenye mfupa ulio mbele ya sikio, hivyo kile kijipande hugusa ngozi ya shavu na upande wake unaogusa ngozi huwa mtupu, laini, umefunikwa mpira au plastiki bila matundu makubwa. Aina ya pili ni spika ndogo tu iliyoning'inizwa karibu na sikio. Hiyo utaiona ina wavu au mpasuko unaoelekea kwenye tundu la sikio, na mara nyingi haigandami shavuni. Kwa mama yako tofauti hiyo ndiyo kila kitu, kwa sababu ile ya pili sauti yake inapita hewani na kwenye ngoma ya sikio kama spika yoyote.

Picha yako inaonyesha upande gani?

MamaZuhura:
Marahaba mwanangu. Inaonyesha upande wa nje, wenye kitufe. Kuna kitundu kidogo sana karibu na kitufe.

FundiSauti:
Hicho kitundu kinaweza kuwa cha maiki, na za mfupa pia huwa nacho, kwa hiyo hakituambii kitu. Kutoonekana pini ni kwa sababu nyingi za umbo hilo zinatumia blututhi. Ninachohitaji ni picha ya upande unaogusa ngozi. Na kwa sikio la mama, daktari wa masikio aseme kwanza kama tatizo liko kwenye ngoma au ndani zaidi, kwa sababu za mfupa haziruki tatizo la ndani.

MpwaWake:
Wakuu, nimerudi. Mjomba amefanya kama alivyoelekezwa, hata kwa zumu. Waya unachomoka kwenye kikombe cha kushoto, jambo ambalo sikulijua kabisa. Nimeifungua picha kwenye kompyuta na kupima kwa pikseli. Kadi ina urefu wa pikseli 1,540. Pini ya upande wa simu ina unene wa pikseli 63 na mistari mitatu. Ile ya upande wa kikombe ina unene wa pikseli 45 na mistari miwili. Nilipima kwenye sehemu ya chini ya pini, karibu na plastiki, na si kwenye ncha. Picha ya kwanza kumbe ilikuwa ya ile ya kikombe!

FundiSauti:
Umepima mahali penyewe, maana ncha ina mbonyeo na ingekudanganya.

Tugawe. 1,540 kwa 85.6 ni kama pikseli 18 kwa kila milimita. 63 kwa 18 ni 3.5. 45 kwa 18 ni 2.5. Kwa hiyo simu ni 3.5 na kikombe ni 2.5. Namba zimeangukia pazuri, na hata ungekosea pikseli tatu nne huku na huku, 2.5 isingefika 3.5. Hiyo pini uliyoiona nene kama ya gitaa ndiyo nyembamba kuliko zote hapa.

Mistari mitatu upande wa simu inamaanisha waya una maiki. Je, kuna kijisanduku chenye kitufe katikati ya waya?

MpwaWake:
Kipo, karibu na pale ulipokatika.

FundiSauti:
Basi imekaa sawa. Maiki iko kwenye waya wenyewe, kikombe kinapokea kushoto na kulia tu, ndiyo maana huko mistari ni miwili. Waya wa kuagiza ni wa 2.5 yenye mistari miwili kwenda 3.5. Ukitaka kupiga simu, chukua wenye maiki. Ukitaka muziki tu, wa mistari miwili pande zote utatosha.

Sasa kuhusu aina. Pima tundu la ndani la mto, si ukingo wa nje.

MpwaWake:
Tundu lina pikseli 720 kwa urefu. Ukingo wa nje ni 1,260.

FundiSauti:
Tundu ni milimita 40, ukingo wa nje 70. Sikio la mtu mzima lina urefu wa kama milimita 60. Haliingii kwenye tundu la 40. Hii ni hedifoni ya kukaa juu ya sikio, si ya kulifunika zima.

BesiNzito:
Hapo nakupinga kidogo. Wewe mwenyewe umesema kilicho karibu na kamera hutuna. Mto uko juu zaidi ya meza kuliko kadi, kwa hiyo kipimo si sahihi.

FundiSauti:
Uko sahihi, na nafurahi umelishika. Lakini angalia upande unaoegemea kosa. Mto uko karibu na kamera kuliko kadi, kwa hiyo unaonekana mkubwa kuliko ulivyo. Tundu la kweli ni dogo kuliko 40. Kosa linazidi kuthibitisha kwamba sikio haliingii. Kama namba ingekuwa 65, hapo ndipo ningesita na kuomba kadi iwekwe juu ya mto.

MpwaWake:
Ndiyo maana mjomba alikuwa akilalamika masikio kumuuma akivaa muda mrefu! Nilidhani ni uzee tu. Basi niagize sasa?

BesiNzito:
Subiri kidogo. Mimi niliwahi kununua waya wa 2.5 sahihi kabisa na haukuingia. Pini ilikuwa sawa, ila tundu la kikombe lilikuwa limezama ndani ya shimo jembamba na plastiki ya waya wangu ilikuwa nene. Ikagota, sauti ikatoka upande mmoja.

FundiSauti:
Hilo ni kweli tupu, na nilipaswa kulisema mapema. Nyingine zina kijino cha plastiki cha kuzungusha ili waya ujifunge. MpwaWake, kwenye hiyo plastiki ya pini ya 2.5 unaona kitu kimechomoza?

MpwaWake:
Nimeivuta picha hadi imekuwa ukungu. Kuna kama kivimbe upande mmoja, lakini chaweza kuwa kivuli. Unene wa plastiki hapo ni pikseli 99.

FundiSauti:
Milimita 5 na nusu. Wa kwako mpya usizidi hapo. Kuhusu kivimbe, siwezi kusema kwa picha hii. Mjomba apige nyingine mbili, moja ya plastiki ikiwa imegeuzwa robo, na moja ya tundu la kikombe likimulikwa kwa tochi kutoka pembeni. Kivuli kitahama taa ikihama, kijino kitabaki palepale.

MpwaWake:
Nimemwandikia. Kwa sasa amelala, akiamka nitaziweka hapa.

MamaZuhura:
Nami nimeomba picha ya upande wa ngozi. Bado hajajibu.