Deni kubwa kwa A, deni dogo kwa B: ipi iko hatarini zaidi?

Wambua_Donholm
Wadau, nisaidieni kulinganisha kampuni mbili za Soko la Hisa la Nairobi. Majina nayaacha ili tujadili hesabu, si ushabiki. Takwimu zote ni milioni za shilingi, kutoka ripoti za mwaka.

A ina mikataba ya miaka mingi na wateja wake. Mikopo ni 6,000, mtaji wa wenyehisa 4,000, faida ya uendeshaji 1,890 na gharama ya riba 420.

B inatengeneza vifaa vya ujenzi. Mikopo ni 4,000, mtaji 8,000, faida ya uendeshaji 810 na riba 450.

Kwa hivyo deni la A ni mara 1.5 ya mtaji wake, na la B ni nusu tu. Lakini faida ya A inafunika riba mara 4.5 ilhali ya B inafunika mara 1.8. Vipimo viwili vinavutana. Nifuate kipi?

Otieno_wa_Hisa
Fuata deni kwa mtaji. Kampuni ikidaiwa kuliko mtaji wake, wenye kampuni halisi ni benki. A imepita 1, mimi nisingeigusa. B hata mambo yakiharibika ina mali ya kuuza ikalipa kila mtu.

Bi_Rehema_Eastleigh
Ndugu Otieno, hofu yako ina msingi, kwa kuwa mtaji ndio unaomeza hasara kabla haijawafikia wakopeshaji. Lakini kipimo hicho kinakwambia tu mzigo ni mkubwa kiasi gani. Hakikwambii kama mwenye kuubeba anaumudu. Kampuni haianguki kwa sababu uwiano umepita 1; huanguka siku ya malipo inapofika na pesa hazipo.

Wambua, kabla ya kuchagua kati ya vipimo hivyo viwili, hakikisha tarakimu za B ni safi. Nimefanya kazi ya ukaguzi wa hesabu miaka mingi, na B inanitia shaka pande zote mbili. Fungua maelezo yaliyo nyuma ya ripoti utafute mambo matatu: kwenye mtaji wa 8,000, ni kiasi gani kimetokana na ardhi na mitambo kuthaminiwa upya, kwenye faida ya 810, kuna ongezeko la thamani ya viwanja, na kuna riba iliyoingizwa kwenye gharama ya ujenzi badala ya kukatwa kwenye faida?

Mama_Mkate_Ruiru
Mimi nina duka la mikate na mkopo wa benki. Mthamini alikuja akasema ploti yangu imepanda bei sana, nikafurahi. Lakini mwisho wa mwezi benki inataka pesa za mikate, ploti haina habari nayo. Sasa swali langu: nikiomba mkopo wa pili, wataangalia ploti au mauzo?

Bi_Rehema_Eastleigh
Wataangalia vyote, mama. Ploti ni dhamana, yaani pa kushika ukishindwa. Mauzo ndiyo yanayoonyesha kama utashindwa. Na hilo ndilo swali la B.

Wambua_Donholm
Bi Rehema, nimepekua. Kati ya mtaji wa 8,000, akiba ya uthamini mpya ni 4,500. Kwenye faida ya 810 kuna 150 ya viwanja kupanda thamani. Na kuna kiwanda kipya kinachojengwa; riba ya 150 imeongezwa kwenye gharama yake. Hiyo ya mwisho sikuwahi kuijua.

Bi_Rehema_Eastleigh
Basi tuihesabu B upya. Toa 4,500 kwenye mtaji, unabaki na 3,500. Deni la 4,000 sasa ni mara 1.14 ya mtaji. Sisemi ardhi hiyo haina thamani. Nasema hakuna shilingi iliyoingia kwa kuthaminiwa kwake, na kiwanda kinachouzwa kwa dharura hakipati bei ya mthamini.

Kisha faida. Toa ile 150 ya viwanja, inabaki 660. Riba nayo si 450, ni 600, kwa sababu benki inadai yote hata kama sehemu imepelekwa kwenye gharama ya jengo. Viwango vya kimataifa vya uhasibu vinataka hivyo wakati wa ujenzi, kwa hivyo hakuna udanganyifu. Lakini 660 kwa 600 ni mara 1.1. Na kiwanda kikikamilika, riba yote itakatwa kwenye faida, na uchakavu wa kiwanda kipya utaongezeka juu yake.

Njia ya haraka ya kugundua ni kulinganisha riba iliyokatwa kwenye faida na riba iliyolipwa kwenye taarifa ya mtiririko wa fedha. Zikipishana sana, uliza kwa nini. Matokeo ya muhtasari yanayochapishwa magazetini hayatoshi kwa kazi hii, kwa sababu maelezo hayo huachwa.

Kiprono_254
Mnakwenda mbali. Mimi nina hisa za benki, na madeni ni zaidi ya mara 5 ya mtaji. Niuze?

Bi_Rehema_Eastleigh
Hapana, vipimo hivi si vya benki. Amana za wateja ndizo bidhaa yake. Benki hupimwa kwa utoshelevu wa mtaji, ukwasi na mikopo isiyolipwa.

Otieno_wa_Hisa
Nakubali B si safi. Lakini mbona A inaachwa ipite? Kufunika riba hakuhesabu mkopo wenyewe. Tuseme 6,000 inalipwa kwa miaka 6, ni 1,000 kila mwaka. Faida 1,890 ukitoa riba 420 na kodi ya asilimia 30, zinabaki kama 1,029. Imebana!

Bi_Rehema_Eastleigh
Hapo umenena, Otieno. Ongeza uchakavu, kwa kuwa ulikatwa bila pesa kutoka, kisha toa pesa za kutunza mitambo; ndipo utajua nafasi halisi. Hata hivyo tofauti kati ya hizi mbili inabaki. Faida ikishuka asilimia 30, ya A inakuwa 1,323 na bado inafunika riba mara 3 na kidogo. Ya B inakuwa 462 dhidi ya riba ya 600. B ingekopa ili ilipe riba.

Tena A inalipa asilimia 7 na B asilimia 15. Kati ya mwanzo wa 2023 na Februari 2024, Benki Kuu ilipandisha riba yake kutoka asilimia 8.75 hadi 13. Mkopo wa B ukifuata riba za soko, ongezeko la pointi 3 tu ni milioni 120 zaidi, na 660 haifiki 720.

Wambua_Donholm
Mkopo wa B unafuata riba za soko, nimeona. Wa A una riba isiyobadilika, lakini 2,500 inaiva mwaka ujao. Wakikopa upya kwa asilimia 15, riba inapanda kwa 200 hadi 620, na 1,890 inafunika mara 3. Naelekea A.

Otieno_wa_Hisa
Iwapo watapata wa kuwakopesha. Na hiyo asilimia 7 inanukia dola. Shilingi ilianza 2023 karibu 123 kwa dola ikaumaliza karibu 157. Deni la dola linavimba na mtaji unaliwa, hata kama riba bado inafunikwa vizuri.

Bi_Rehema_Eastleigh
Wambua, tafuta jedwali la mikopo kwa sarafu, na kama mikataba ya A inalipwa kwa dola pia. Ikiwa wateja wanalipa kwa shilingi na deni ni la dola, nitabadilisha msimamo wangu kuhusu A. Kwa B, angalia kama mkopo wa muda mrefu umehamishiwa kwenye madeni ya miezi 12. Mara nyingi hiyo ni dalili kwamba masharti ya benki yamevunjwa.

Wambua_Donholm
Wa B haujahamishwa. Jedwali la sarafu la A silioni kwenye muhtasari nilio nao. Naitafuta ripoti kamili.