Tupeane uzoefu: kunasa dosari za bidhaa wakati una picha za bidhaa nzuri peke yake

Mkaguzi wa Namanve

Ndugu zangu, naanzisha mada hii kwa wale waliowahi kukagua bidhaa kiwandani kwa autoenkoda, yaani mtandao wa neva unaojifunza kuibana picha na kuichora upya. Mimi nakagua vifuniko vyeupe vya chupa za maji. Tulikuwa na picha 2,400 za vifuniko vizuri, ilhali vibovu tulivyokuwa tumevihifadhi havikufika hata kumi, kwa sababu wafanyakazi walizoea kuvirudisha kwenye mashine ya kusaga kabla hatujavipiga picha. Hivyo tuliufundisha mtandao kuibana picha ya kifuniko kizuri iwe namba chache na kisha kuichora upya, tukitumaini kwamba akija mgeni mwenye doa, mtandao utashindwa kulichora doa hilo na tofauti itaonekana.

Ulishindwa kulichora kweli, lakini sisi hatukuona. Picha zetu ni za pikseli 256 kwa 256, yaani pikseli 65,536. Doa jeusi la plastiki iliyoungua lilikuwa na ukubwa wa pikseli 12 kwa 12, ambazo ni 144 tu. Ndani ya doa, mraba wa tofauti kati ya picha halisi na iliyochorwa ulifika 0.25, na kwingineko ulikuwa karibu 0.002. Tulipochukua wastani wa picha nzima tulipata takriban 0.0025, na vifuniko vizuri vyenyewe vilikuwa vinacheza kati ya 0.0015 na 0.0031. Doa ambalo mtoto angelionesha kwa kidole lilikuwa limezama ndani ya wastani.

Tuliachana na wastani wa picha nzima. Sasa tunapitisha dirisha dogo juu ya ramani ya makosa, tunachukua wastani wa ndani ya dirisha, kisha tunahesabu thamani kubwa kuliko zote:

```python
from scipy.ndimage import uniform_filter
# x ni picha halisi, y ni iliyochorwa, e ni ramani ya makosa
e = (x - y) ** 2
alama = uniform_filter(e, size=11).max()
```

Kwa hesabu hii kifuniko chenye doa kilipata 0.25, na vizuri havikuvuka 0.03, ambayo hutokea kwenye mistari ya pembeni mnamoshikwa kwa vidole. Wenzangu, nyinyi mlikwama wapi?

Fundi wa Sabuni, Jinja

Ndugu Mkaguzi, mimi nilikwama mahali pengine. Autoenkoda yangu ilikuwa inachora hata ufa! Kipande cha sabuni kilichopasuka kiliingia, kikatoka kimechorwa na ufa wake vilevile, na tofauti ikawa karibu na sifuri. Sababu ilikuwa shingo ya mtandao, pale katikati ambapo picha hubanwa: nilikuwa nimeiachia namba 512, na nafasi hiyo ilitosha kunakili kitu chochote kinachopita. Niliishusha hadi 16 na ufa ukaanza kuonekana. Kwa hiyo ushauri wangu ni mmoja: bana shingo kadiri unavyoweza, na matatizo yote yatakwisha.

Mama Kahawa, Mbale

Nimesoma kwa makini, ingawa mengine yamenipita. Sisi tunachambua kahawa ya arabika inayotoka milimani. Je, chombo hiki kitaniambia punje hii imetobolewa na wadudu, ile imekuwa nyeusi, na nyingine imevunjika? Ninayo magunia ya punje zilizokataliwa, kama zinahitajika kwa mafunzo.

Mhandisi wa Picha, Kampala

Naomba nianze na Mama Kahawa. Mama, autoenkoda haitakutajia jina la kasoro; itakuambia tu kwamba punje hii haifanani na zile ilizozizoea. Nawe una magunia ya mbovu, jambo ambalo Mkaguzi hana. Zipigeni picha hizo mbovu, mzipange kwa aina, na mtandao wa kawaida wa kuainisha utakufaa zaidi. Njia tunayoijadili hapa ni ya mtu ambaye ubaya haujamfikia kwa wingi wa kutosha kuufundisha, au hajui utakuja kwa sura gani.

Fundi wa Sabuni, kuhusu shingo pana umesema kweli, lakini hilo la kwisha kwa matatizo yote silikubali. Ukibana mno, mtandao hupoteza hata vitu vizuri vyenye mistari myembamba. Sabuni yako ina maandishi yaliyogongwa juu yake, sivyo? Nakisia kwamba baada ya kushuka hadi 16, herufi zilianza kutoka na ukungu, na vipande vizuri vikaanza kukataliwa kwa sababu ya chapa yao wenyewe.

Mimi huichagua shingo kwa kughushi dosari. Nachukua picha nzuri ambazo hazikutumika katika mafunzo, nazichorea madoa na mikwaruzo kwa mkono, kisha najaribu shingo kadhaa na kuangalia ni ipi inayoshindwa kuzichora dosari hizo huku ikiendelea kuzichora herufi vizuri. Dosari za kughushi si sawa na za kweli, lakini bila hizo unachagua gizani.

Na wewe Mkaguzi, hujatueleza kizingiti ulikiwekaje.

Fundi wa Sabuni, Jinja

Nakiri herufi zilisumbua. Nilidhani ni kamera.

Mkaguzi wa Namanve

Dada Mhandisi, nilitenga vifuniko vizuri 400, nikavipa alama, kisha nikaweka kizingiti mahali ambapo asilimia 99.5 vinapita.

Mhandisi wa Picha, Kampala

Hapo ndipo ningekuwa na wasiwasi. Katika vifuniko 400, asilimia 0.5 ni vifuniko viwili, yaani kizingiti chako kimeamuliwa na picha mbili tu. Ikitokea moja kati ya hizo mbili ilikuwa na vumbi, umepandisha mstari bila kujua. Zitazame kwa macho zile ishirini zenye alama kubwa zaidi. Mimi nilipofanya hivyo katika kazi moja ya chupa nilikuta tatu ni mbovu, na zilikuwa zimepita mikononi mwa wakaguzi wawili. Vilevile piga hesabu ya mstari wako: ukitoa vifuniko 200 kwa dakika, asilimia 0.5 ni vifuniko vizuri 60 vinavyotupwa kila saa.

Mkaguzi wa Namanve

Nimezitazama zile ishirini leo asubuhi. Moja ilikuwa na unywele, na nyingine ilipigwa wakati umeme umekatika na jenereta imewaka. Hilo la pili linaeleza mengi: kila jenereta ilipoanza, mwanga ulibadilika kidogo na mashine ilikataa vifuniko mfululizo, nasi tukiilaumu autoenkoda. Tumeifunika kamera kwa sanduku jeusi na kuweka taa za LED zinazolishwa na betri, na tangu hapo hali imetulia.

Limebaki jambo moja ambalo sijalipatia ufumbuzi. Shehena mpya ya plastiki imekuja ikiwa nyeupe yenye umanjano kidogo. Vifuniko ni vizuri kabisa, mteja amevikubali, lakini alama zote zimepanda. Fundi mwenzangu anataka tuufundishe mtandao upya kwa kuchanganya shehena zote mbili.

Fundi wa Sabuni, Jinja

Changanyeni tu. Sabuni yangu hubadilika rangi kila mwezi na ndivyo nifanyavyo.

Mhandisi wa Picha, Kampala

Mimi ningesita. Plastiki ikianza kuungua, kabla ya doa jeusi hutangulia umanjano. Ukiufundisha mtandao kwamba umanjano ni wa kawaida, dalili hiyo ya mapema utakuwa umeifuta. Labda utenganishe mitandao miwili, kila shehena na wake, ingawa hapo utalazimika kumtegemea mtu wa zamu abadilishe kwa wakati.

Mkaguzi wa Namanve

Mtu wa zamu ya usiku namjua. Hatabadilisha.