Naomba ushauri: kutoka slaidi kwenda bango la utafiti

Habari zenu wakuu. Utafiti wangu wa usingizi wa wauguzi wa zamu za usiku umekubaliwa mkutanoni, ila kama bango la A0 (milimita 841 kwa 1,189), si mada ya kuzungumza. Slaidi ninazo, lakini kuzibandika zote kwenye karatasi moja naona haitafaa. Kwenye slaidi mimi ndiye ninayeamua watu waone nini kwanza, na matokeo naweza kuyaweka mwisho. Kwenye bango mtu anapita, anatupa jicho akiwa mita mbili hivi, hapohapo anaamua asimame au aende zake.

Kwa hiyo matokeo nimeyafanya kichwa: "Zamu za usiku mfululizo hupunguza usingizi wa mchana". Chini yake grafu moja kubwa, kila mstari ukiwa na jina lake palepale, maana sitasimama hapo muda wote kueleza. Utangulizi sentensi mbili tu.

Kinachonitatiza ni mbinu za utafiti. Watu wa takwimu watazitafuta, ila zikijaa zinaimeza grafu. Ninyi huziweka pembeni kwa herufi za pointi 24, au mnachapa karatasi ya A4 ya kugawa? Na jedwali la washiriki, niliondoe kabisa?