Tupeane uzoefu: miche ya mkopo, miaka 15 ya kusubiri, halafu mgao unakuwaje?

Katibu wa Kikundi
Habari za jioni wakuu. Kikundi chetu huku Mufindi tuko watu 34, tumeletewa andiko la mradi wa kupanda misindano. Mwekezaji analeta miche na hela ya kuchimbia mashimo, sisi tunatoa ardhi na nguvu kazi, mwaka wa 15 tunavuna, mgao 60 kwetu 40 kwake. Andiko linasema miche itapona asilimia 90. Wenzangu wamenituma nilisome nilete maoni Jumapili, na hapa nilipo naona kila kitu kizuri, ndio maana naogopa. Waliowahi kuingia mikataba ya hivi hebu tupeane uzoefu.

Mzee wa Kitalu
Kijana wangu, asilimia 90 iliyohesabiwa lini? Hilo ndilo swali. Huku kwetu tunapanda Desemba na Januari, ukihesabu Machi mvua bado inanyesha hata mche ulioshindwa unaonekana kijani. Kiangazi cha kwanza ndicho kinachosema ukweli. Mimi nimefanya kazi hii maisha yangu yote, shamba lilelile nimelihesabu Machi na Novemba nikapata namba mbili ambazo usingeamini ni za shamba moja.

Na kuhesabu si kupita barabarani ukaangalia kwa macho. Chukua kamba ya mita 5.64, funga kwenye kigingi, zunguka nayo, hilo duara ni mita za mraba 100. Kama mmepanda mita 3 kwa 3, ndani mtakuta mashimo kama 11. Hesabu mashimo, hesabu miche hai. Piga maduara kumi sehemu tofauti, na bondeni na kilimani, usichague yaliyo karibu na njia. Basi.

Kijana wa Njombe
Mzee mnawatisha watu bure. Mimi nilipanda Januari mwaka huu ekari mbili, miche 900, zimepona asilimia 95. Miche ikifa ujue mkulima mvivu, hajafyeka.

Mzee wa Kitalu
Ulihesabu mwezi gani?

Kijana wa Njombe
Machi. Kwani kuna ubaya gani?

Mzee wa Kitalu
Sasa ni Oktoba. Nenda ukahesabu tena.

Dada wa Makete
Uvivu upo ila sio wote jamani. Sisi miche ililetwa na lori imechelewa wiki tatu, mizizi imeshajikunja ndani ya viriba kama chemchemi ya kitanda, wengine wakapanda na viriba vyake kwa sababu hakuna aliyewaelekeza. Mwaka wa kwanza ilisimama vizuri tu, baadaye upepo ukawa unaiangusha mmoja mmoja. Huyo mkulima mvivu ni nani hapo? Na miche ya kurudishia palipokufa mkataba ulisema tununue wenyewe.

Mpanda Parachichi
Wakuu achaneni na misindano, pandeni parachichi, miaka minne unaanza kuchuma. Nauliza pia, mbolea gani nzuri kwa miche ya parachichi ya miezi sita?

Katibu wa Kikundi
Kaka fungua uzi wako tutakuja, hapa tubaki kwenye miti ya mbao tafadhali.

Mama wa Milimani
Nimesoma hadi hapo nikashindwa kunyamaza. Mimi na marehemu mume wangu tuliingia mkataba kama huo, ekari tano, mgao huohuo wa 60 kwa 40, miti ikafika mwaka wa tisa, mizuri, nikiushika mmoja kwa viganja viwili vidole havikutani. Septemba jirani akawa anasafisha shamba la kupanda mahindi, akawasha moto saa nane mchana na upepo ule wa Septemba mnaujua. Njia ya kuzuia moto tulikuwa nayo lakini mwaka ule hatukuipalilia, mume wangu alikuwa anaumwa tuko hospitali, majani yalikuwa yamefika magotini. Moto ukapita pale kama hakuna kitu. Majani makavu ya misindano yaliyolala chini unajua yanavyowaka, nilifika jioni nikasikia miti inapasuka ndani, inalia tu. Kesho yake vilele vingine bado vya kijani nikadhani imepona, wiki mbili yote ikawa kahawia. Msindano ukiungua hauchipui, sio kama mlingoti unaokata unaota tena.

Ikabidi tuuze haraka maana gogo lililoungua likikaa, mbao zinaingia ubluu. Watu wa dingdong, zile mashine za kupasulia mbao, walijua shida yangu, wakataja bei ya kuni. Hela ilipopatikana ule mradi ukaja na karatasi kwamba gharama zao zinatoka kwanza, zikiwa na riba. Sisi tulipata ya kununulia mabati ya chumba kimoja. Mkataba mzima haukuwa na mstari hata mmoja unaosema moto ukitokea hasara ni ya nani.

Dada wa Makete
Pole sana mama 😢

Dereva wa Magogo
Pole mama. Jirani alilipa chochote?

Mama wa Milimani
Alilipa nini mwanangu, ana mbuzi wanne. Kijiji kilimpiga faini, hela ikaenda kijijini.

Dereva wa Magogo
Huyo ni wa kushtaki mahakamani kabisa.

Dada wa Makete
Umshtaki mtu wa mbuzi wanne upate nini? Mbanane na mradi, wao ndio wenye hela ya bima.

Mhasibu wa Kijiji
Katibu, alichosema mama kuhusu gharama kutoka kwanza ndicho cha kukitafuta. 60 kwa 40 ya nini? Tuchukulie ekari moja imeuzwa milioni 8 na gharama walizoandika ni milioni 3. Asilimia 60 ya mauzo ni milioni 4.8. Asilimia 60 ya kinachobaki ni milioni 3. Maneno ni yaleyale, tofauti ni milioni 1.8 kwa ekari. Na riba nayo, laki tatu ya miche na mashimo ikipigwa asilimia 10 kila mwaka juu ya riba iliyopita, mwaka wa 12 imekuwa laki tisa na elfu arobaini. Mimi ningetaka daftari la gharama lisainiwe na pande zote kila mwaka, sio kuletewa jumla siku ya kuvuna.

Mkulima wa Kitui
Huku Kenya tulipanda mukau, si misindano, na ukame wetu mnaujua. Sisi tulikataa kulipwa mwisho pekee. Kila mti unaohesabiwa hai baada ya kiangazi cha kwanza na cha tatu, mkulima analipwa kitu kidogo. Watu walilinda miti kwa sababu hiyo, hata mbuzi walifungwa.

Dereva wa Magogo
Hiyo nzuri, maana huku wengi wanauza mwaka wa saba kwa dalali, ada ya shule imebana, na mbao yenyewe bado nyembamba. Miaka miwili ya mwanzo unapata maharage katikati ya mistari, kivuli kikifunga hakuna tena, unakaa unatazama tu.

Katibu wa Kikundi
Nimerudi kwenye andiko. Ukurasa wa 6: "mgao utafanyika baada ya kurejesha gharama za mradi." Riba haijatajwa. Moto haujatajwa kabisa. Kurudishia ni "jukumu la mkulima".

Mhasibu wa Kijiji
Riba isipotajwa usifurahi. Waandike kwamba haipo.

Mama wa Milimani
Na uwaulize nani anapalilia njia ya moto mwenye shamba akiumwa.

Kijana wa Njombe
Mzee shikamoo. Nimeenda shambani asubuhi na kamba. Maduara matatu ya kule juu, mashimo 33, hai 24. Mingi imekaukia kwenye majani niliyokuwa nimeshafyeka mara moja Aprili nikaacha. Saba yaliyobaki namalizia kesho.

Mzee wa Kitalu
Marahaba. Bondeni usiruke.