Mrejesho: Nilimwandikia mkuu wa meneja wangu

Niliuliza: "Saa zangu za ziada za miezi miwili hazijalipwa na meneja kila siku ananiambia 'nashughulikia'. Nimwendee mkuu wake vipi bila kuonekana mchongezi?"

Nimemwandikia. Rasimu ya kwanza ilikuwa na maneno "amekuwa akinipuuza". Nikayafuta, maana kilicho moyoni mwa meneja sikijui. Nikaandika ninachoweza kukionyesha: "Nilimkumbusha tarehe 4, 11 na 20. Mara mbili alijibu kwamba fomu ameipeleka uhasibu. Ya tatu sijajibiwa."

Nilipokuwa nakusanya barua pepe za nyuma nikakuta jambo la kuniaibisha kidogo: fomu ya saa za ziada ya mwezi wa kwanza kati ya hiyo miwili, meneja aliwahi kunirudishia kwa sababu sikuweka sahihi, nami nikakaa nayo wiki nzima. Hilo nalo nikaliandika. Lingefichuliwa na yeye, nani angeamini yaliyobaki?

Kabla ya kutuma nilimwambia meneja ana kwa ana, kisha nikamwekea nakala. Alinuna, lakini hakushtukizwa. Mwishoni niliomba kitu kimoja tu: nielezwe fomu zimekwama wapi na zitalipwa lini.

Mkuu alijibu siku ya pili. Kumbe meneja alizipeleka kweli. Zilikwama uhasibu kwa sababu nilihamishwa idara na bado nasomeka kwenye ile ya zamani. Kosa la meneja ni kutofuatilia. Mwezi mmoja umeshalipwa, wa pili nimeahidiwa kwa maandishi utaingia na mshahara ujao.